Rangwi: Tunahesabu Miche, Tunapoteza Msitu

Nyuma ya nyumba ya marehemu mama yangu, Rangwi, kuna chemchemi ambayo sisi sote tulichotea maji utotoni. Ilikuwa chini ya mikuyu miwili mikubwa, na kuizunguka palikuwa na kichaka ambacho hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuvunja hata kijiti chake. Miaka kadhaa iliyopita walifika wageni kutoka ofisi fulani, wakiwa na gari lililojaa miche ya mikaratusi. Hotuba zikatolewa, picha zikapigwa, wanafunzi wa shule wakashika majembe, na mteremko mzima uliozunguka chemchemi ukapandwa miche. Bila shaka taarifa iliyoandikwa baada ya siku ile ilisema kwamba chanzo cha maji kimehifadhiwa.

Nilirudi kiangazi kilichopita. Mikaratusi imekua vizuri sana, imenyooka kama nguzo za umeme. Chini yake hakuna jani. Kichaka kilifyekwa siku ile ile ili kupisha miche, na wale mikuyu wawili wamebaki mmoja. Mjomba wangu, aliyevuka miaka themanini, alinipeleka hadi penye maji, akanionyesha kwa fimbo yake jiwe ambalo zamani lilikuwa ndani ya dimbwi na sasa liko kavu. Akaniuliza, "Mpwa wangu, wewe ndiwe uliyesoma. Hivi hawa walikuja kupanda miti au kupanda pampu?"

Sikumjibu pale pale. Msomi mwaminifu hawezi kudai kwamba chemchemi moja iliyopungua ni ushahidi wa kutosha, kwani mvua nazo hubadilika, na mabomba ya kumwagilia kabichi yameongezeka bondeni. Lakini swali lake limenifuata hadi darasani, na makala haya ndiyo jibu langu. Hoja yangu ni moja: katika Milima ya Usambara tumekubali idadi ya miche ichukue nafasi ya msitu, na kwa kufanya hivyo tunaficha upotevu ambao hakuna kitalu cha miche kinachoweza kuufidia.

Tarakimu inayotupumbaza

Wenzangu walio katika utumishi wa umma wanalifahamu agizo hili kuliko mimi: kila halmashauri inatakiwa kupanda miti isiyopungua 1,500,000 kila mwaka. Nia yake ni njema. Kasoro yake imo katika kile kinachopimwa. Agizo hupima kilichowekwa ardhini siku ya kupanda. Halitulazimishi kusema ni mti wa aina gani, umepandwa wapi, uko hai baada ya miaka mitatu, au mahali pake palikuwa na nini kabla ya kupandwa.

Ofisa anayewajibika kwa tarakimu kubwa na mwenye bajeti ndogo atafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya. Atachagua mche ulio rahisi kuuotesha, unaokua haraka na unaopendwa na wananchi kwa kuni na nguzo. Huo ni mkaratusi, mwati, msonobari au mgrevilea. Mkulo hautakuwamo, kwa sababu mbegu zake ni za shida na mti wenyewe hukua taratibu. Kisha atatafuta mahali ambapo hakuna mwenye shamba atakayelalamika, na mahali hapo mara nyingi ni penye chemchemi, ukingo wa mto, au kipande cha kichaka cha asili kinachoonekana kama pori lisilo na faida. Hivyo ndivyo tunavyoweza kufyeka mabaki ya msitu ili kupanda miti, na kumbukumbu za wilaya zikaonyesha maendeleo.

Siilaumu miti hiyo kwa asili yake. Nitaonyesha hapa chini kwamba bila mwati na mgrevilea hakuna msitu wa Usambara utakaosalimika. Ninachokataa ni kuiita msitu, na kuipanda penye maji. Afrika ya Kusini ilipata funzo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1995 serikali yake ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuajiri watu wasio na kazi ili wang'oe miti ya kigeni kwenye mabonde na vyanzo vya mito, ukiwemo mwati ule ule uliojaa kwenye vilima vyetu, kwa sababu miti hiyo ilikuwa inakunywa maji kuliko uoto wa asili. Wenzetu wanalipa watu waung'oe. Sisi tunapeleka gari liupande.

Kilichokuwapo, na nani alikitwaa

Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Milima hii hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi, na kwa mamilioni ya miaka misitu yake ilibaki na ukungu na mvua hata nchi iliyoizunguka ilipokauka ikawa nyika. Kila mlima ukawa kama kisiwa, na viumbe vilivyonaswa juu yake vikabadilika kivyake. Ndiyo sababu watafiti wamekwisha orodhesha spishi zisizopungua 96 za wanyama wenye uti wa mgongo ambazo haziishi penginepo duniani isipokuwa katika Tao hili. Wengi wao ni vyura na mijusi ambao ukiwapoteza kwenye mlima mmoja huwezi kwenda kuwaazima kwenye mlima wa jirani.

Mifano iko karibu. Jenasi ya vinyonga wa milima yetu iliitwa Kinyongia mwaka 2006, jina lililotokana na neno letu la Kiswahili. Na mmoja wao, mwenye pembe mbili puani, ni wa Usambara Magharibi peke yake. Kuna ndege mdogo wa kahawia, anayetembea chini ya vivuli vizito vya Magamba na Shagayu, ambaye hajapata kuonekana nje ya Usambara Magharibi. Lile ua la urujuani linalouzwa katika vyungu kwenye madirisha ya Ulaya lilipelekwa Ujerumani na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara. Ulaya lina mamilioni ya vyungu. Kwetu limebaki likishikilia miamba michache yenye kivuli.

Ni desturi ya mikutano yetu kumlaumu mkulima mwenye panga. Historia haituruhusu kuwa wavivu kiasi hicho. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa wamekwisha jenga njia ya waya ya angani kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara, ili kuteremsha magogo ya mwangati na kuyapakia kwenye reli ya Tanga. Sheria yao ya misitu ya mwaka 1904 iliweka mipaka ambayo ndani yake Mshambaa akawa mwizi kwa kuokota kuni, huku mwenye leseni akivuna. Waingereza waliendeleza uvunaji na wakapanda misonobari palipokuwa na msitu wa asili. Hata baada ya uhuru, fedha za msaada wa Finland ziliingia kwanza katika uvunaji wa magogo wa Usambara Mashariki, na ni mwishoni mwa miaka ya 1980 tu zilipogeukia uhifadhi. Mkulima alikuja na jembe lake, naam, na idadi ya watu imeongezeka: sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Wilaya ya Lushoto watu 492,441. Lakini alifika kwenye ardhi ambayo wengine walikuwa wamekwisha ifungua.

Hesabu ya kipande cha msitu

Kilichobaki Usambara Magharibi ni vipande: Magamba, Shagayu, Mazumbai, Baga, Balangai na vingine vidogo. Tunasema kwa faraja kwamba vimehifadhiwa kisheria. Nawaomba wanafunzi wangu wafanye hesabu ifuatayo kabla ya kufarijika.

Msitu wa mlimani huishi kwa kivuli na unyevu. Penye ukingo wake, jua na upepo wa shambani huingia. Udongo hukauka, miti mikubwa huangushwa na upepo, magugu na moto hupata njia. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba athari hiyo huingia mita 100. Kipande chenye umbo la mraba cha hekta 100 kina upande wa kilomita moja. Ondoa mita 100 kila upande, utabaki na mraba wa mita 800 kwa 800, yaani hekta 64 za msitu wa kweli. Sasa chukua kipande cha hekta 4, chenye upande wa mita 200. Ondoa mita 100 kila upande. Hakuna kilichobaki. Kwenye ramani ni msitu, kwenye taarifa ni hekta 4. Kwa chura anayehitaji unyevu ni ukingo mtupu.

Ukikata barabara au shamba katikati ya kipande cha hekta 100, hujapoteza zile hekta chache ulizolima tu. Umeongeza kingo mbili mpya zinazokula kuelekea ndani. Hii ndiyo sababu takwimu za eneo pekee hutudanganya.

Kuna jambo la pili, nalo ni gumu zaidi kulieleza kwenye kikao cha bajeti. Mtafiti William Newmark alianza mwaka 1987 kuwafuatilia ndege wa chini ya msitu katika vipande vya Usambara, akiwanasa kwa nyavu, kuwavisha pete na kuwaachia. Kilichoonekana kwa miaka mingi ya kazi hiyo ni kwamba spishi hazitoweki siku shoka linapoanguka. Hubaki kwa miaka, wachache, wakizeeka na kushindwa kuzaliana vya kutosha, kisha hutoweka kimya kimya, na vipande vidogo vilivyo mbali na vingine ndivyo hupoteza zaidi. Wengi wa ndege hao hawavuki hata shamba dogo la mahindi, kwani maisha yao yote yamo ndani ya kivuli. Wanasayansi huita hali hii deni la kutoweka. Msitu tuliokata enzi za babu zetu bado unatudai leo.

Lakini deni lisilolipwa bado ni deni linaloweza kupunguzwa. Ukiunganisha vipande kabla spishi hazijaisha, unaweza kuokoa nyingi kati ya zile ambazo hesabu imekwisha zihukumu. Kwa hiyo swali la kuuliza Lushoto ni hili: je, miti tuliyopanda mwaka huu imeunganisha nini na nini? Bado sijaiona fomu ya taarifa yenye safu ya jibu hilo.

Tulikwisha jaribu kulazimisha

Wapo watakaosema dawa ni ukali: walinzi zaidi, faini zaidi, mipaka mipya. Ulinzi unahitajika, maana mkulo mmoja mkubwa ukipasuliwa mbao usiku hautarudishwa na hotuba. Lakini Usambara ina kumbukumbu yake kuhusu uhifadhi wa amri, na mtumishi wa umma anayepangiwa Lushoto angefaa aisome kabla hajafungua mizigo.

Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, jirani na Rangwi, kisha wakaueneza Usambara nzima. Wakulima walilazimishwa kutengeneza matuta kwenye miteremko. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Tatizo halikuwa la kubuni. Ila kazi nzito iliwaangukia hasa wanawake, mashamba ya familia zenye ardhi kidogo yalibanwa, na asiyetii alitozwa faini. Watu waliyachukia matuta, wakayapinga kwa miaka, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu alichochapisha mwaka 1990 kuhusu wanafikra wakulima wa Usambara, ameonyesha kwamba upinzani huo ulisemwa kwa lugha ya Kishambaa yenye mizizi mirefu: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi. Kwa wazee wetu, mtawala aliyeleta mvua na chakula aliiponya nchi; aliyeleta amri zisizolisha mtu aliiharibu. Chombo cha kuhifadhi udongo kikawa, machoni pa wenye udongo, chombo cha uharibifu.

Linganisha na kazi ya miaka ya 1980 na 1990, pale mradi wa kuzuia mmomonyoko uliosaidiwa na Ujerumani ulipohimiza mistari ya majani ya Gwatemala na migrevilea kukata mteremko, pamoja na ng'ombe kufugwa bandani. Sehemu ya mistari ile bado ipo kwenye mashamba mengi. Sababu si upendo wa mazingira. Majani yale ni chakula cha ng'ombe, ng'ombe ni maziwa na mbolea, na mgrevilea ni kuni na mbao. Udongo ulishikwa kwa sababu kuushika kulikuwa na faida mkononi mwa aliyeushika.

Funzo hilo limo hata katika sheria zetu, lakini limekaa nusu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatoa njia mbili za kuwashirikisha wananchi. Ya kwanza ni msitu wa kijiji, ulio katika ardhi ya kijiji, ambapo kijiji ndicho mwenye mamlaka na mapato. Ya pili ni usimamizi wa pamoja wa msitu wa serikali, ambapo kijiji na serikali hutia saini mkataba. Misitu mikubwa ya Usambara ni ya serikali, na ni vyanzo vya maji ambamo kuvuna miti ya asili hakuruhusiwi. Maana yake ni kwamba kijiji kinachosaini mkataba hupata doria za usiku, vikao na uhasama na majirani. Kinachogawanywa kama faida ni kuni kavu na mitishamba. Katika sehemu nyingi za nchi, mikataba ya aina hii imekwama mezani kwa miaka kwa sababu lile swali moja halijibiwi kwa tarakimu: nani anapata asilimia ngapi ya nini?

Na upande wa maji, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nendeni Rangwi mkapime. Mabonde yetu ni membamba kiasi kwamba mita 60 kila upande humeza bonde zima, pamoja na kabichi, karoti na viazi vinavyopakiwa kwenye malori ya Kariakoo. Sheria inayomfanya kila mkulima wa bonde kuwa mkosaji haitekelezwi kwa wote. Hutekelezwa kwa yule ambaye ofisa amekosana naye. Hapo imekwisha acha kuwa uhifadhi.

Mambo manne yanayowezekana

Sipendi makala yanayoishia kwenye kilio. Yafuatayo yanawezekana bila kusubiri mfadhili mkubwa.

La kwanza ni kurekebisha vyanzo vya maji vilivyopandwa mikaratusi. Isikatwe yote kwa siku moja, kwani mteremko mtupu utaporomoka masika. Ikatwe kwa awamu, theluthi moja kila mwaka, kuanzia iliyo karibu zaidi na maji, na kuni na nguzo zake zigawanywe kwa wanaotumia chemchemi hiyo. Kisiki cha mkaratusi huchipua. Wasipopangwa watu wa kukata machipukizi kwa misimu miwili au mitatu mfululizo, kazi yote ni bure. Katikati ya visiki ipandwe mikuyu, mishai na miringaringa, michache tu, kisha mahali pazungushiwe ua ili mbuzi wasipite. Mkuyu ukizaa, hondohondo na ninga watakuja kula, na watadondosha mbegu za miti ambayo hakuna kitalu cha wilaya kinachoiotesha. Dalili ya mafanikio ni rahisi kuisoma. Baada ya miaka mitatu, hesabu ndani ya mita kumi kwa kumi miche iliyojiotea yenyewe. Kama ni miwati mitupu, umeshindwa, rudi uing'oe. Kama kuna aina tano au sita ambazo hukuzipanda, msitu umeanza kurudi.

La pili ni kuunganisha vipande. Sisemi turudishe msitu kutoka Magamba hadi Shagayu. Katikati kuna vijiji, shule na makaburi ya watu wetu, Rangwi yenyewe ikiwamo. Lakini kuna makorongo, migongo ya vilima yenye mawe, na kingo za misitu zilizochomwa moto, ambako hakuna anayelima kwa faida. Mahali penye mti mama karibu, njia ya bei nafuu kuliko zote ni kulinda: kuzuia moto kwa kufyeka mkanda wa ukingoni kabla ya kiangazi, kuzuia mifugo, na kukata magugu yanayoisonga miche ya asili. Mkulo huchipua kutoka kwenye mizizi yake. Ukiulinda usichomwe unakupa miche ambayo hukuinunua. Kazi hii haina picha nzuri kwa sababu hakuna mche wa kushika mkononi, na nadhani hilo ndilo kosa lake kubwa machoni pa wapangaji wetu.

La tatu ni kuni, na hapa miti ya kigeni inapata heshima yake. Makadirio yanayotumika mara nyingi nchini ni takriban mita moja ya ujazo ya kuni kwa mtu kwa mwaka. Familia ya watu sita inahitaji mita sita. Shamba la miwati lililotunzwa, likitoa mita 12 kwa hekta kwa mwaka, litatosheleza familia hiyo kwa nusu hekta. Lakini kaya nyingi za kwetu hazina hata hekta moja ya kulima chakula. Kwa hiyo kumwambia mama apande shamba la kuni ni kumwambia apunguze ugali. Kinachowezekana ni migrevilea kwenye mipaka na matuta, ambako hailali na mahindi kitanda kimoja, pamoja na jiko la udongo linalopunguza kuni badala ya mafiga matatu. Na panapo mashamba ya miti ya serikali, kama Shume, matawi na mabaki ya uvunaji yafunguliwe kwa vijiji jirani kwa utaratibu ulioandikwa na ratiba inayojulikana. Mama mwenye siku yake halali ya kuokota kuni Shume hana sababu ya kunyemelea Magamba.

La nne ndilo gumu, nalo ni mgawo. Mkataba wa usimamizi wa pamoja usisainiwe bila tarakimu. Kama msitu wa chanzo cha maji hauvunwi, basi chanzo cha mgawo kiwe kile msitu unachozalisha kweli: sehemu ya viingilio vya watalii, ambao tayari hutembea kwa miguu kutoka Lushoto kupita Rangwi hadi Mtae, sehemu ya tozo za maji kwa watumiaji wa chini, na sehemu ya faini na mali iliyokamatwa kwa doria ya kijiji. Ipo mifuko iliyoundwa kwa ajili hii, ukiwamo Mfuko wa Misitu Tanzania na mfuko wa wakfu wa Milima ya Tao la Mashariki ulioanzishwa mwaka 2001. Fedha ziingie akaunti ya kijiji, na zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya wale waliokesha porini. Kiwango hakihitaji kuwa kikubwa. Kinahitaji kujulikana.

Kwa walio ndani ya ofisi

Najua jibu litakalotoka kwa baadhi ya wasomaji wangu walioko halmashauri: "Daktari, wewe huulizwi na mkuu wa mkoa umepanda miti mingapi." Ni kweli. Ndiyo maana siwaombi wakaidi agizo. Nawaomba waongeze safu nne kwenye taarifa ile ile: mche ni wa asili au wa kigeni, umepandwa umbali gani kutoka kwenye maji, mingapi iko hai mwaka wa tatu, na hekta ngapi za msitu wa asili zimelindwa zijiotee bila kupandwa kitu. Hakuna sheria inayokataza safu hizo. Siku halmashauri moja itakapoziwasilisha, wengine watalazimika kueleza kwa nini zao hazina.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina ombi dogo zaidi. Mkialikwa kupanda miti, nendeni, lakini kabla ya kuchimba shimo ulizeni mambo mawili: hapa palikuwa na nini, na nani atarudi mwakani. Kama hakuna mwenye jibu, rudisheni mche kwenye gari.

Mjomba nimemjibu sasa. Hawakuja kupanda pampu kwa makusudi. Walikuja kujaza fomu, na fomu haikuwa na nafasi ya chemchemi. Mwezi ujao, akipenda Mungu na kamati ya maji ikiridhia, tutaanza kukata theluthi ya kwanza ya mikaratusi ile. Visiki nitavihesabu mwenyewe, na miaka mitatu baadaye nitaandika hapa kilichoota katikati yake, hata kama kitakuwa cha kuniaibisha.